Shajara ya mradi: kidhibiti cha pampu Micheweni na kupinduka kwa vipaumbele

Jumatatu. Dalili

Kidhibiti cha pampu ya kisima cha Micheweni kinajizima na kuwaka upya chenyewe. Pampu inasimama, sekunde chache zinapita, inaanza tena. Jua kali, betri imejaa, maji yamo kisimani. Mtunza kisima alipopiga simu alisema, "Fundi, inafanya inavyotaka." Kuna siku inatokea mara kadhaa, kuna siku haitokei kabisa.

Pemba bodi ikianza vituko, kinachoshukiwa kwanza ni chumvi: hewa ya pwani inakula viunganishi, umeme unakatika kidogo, bodi inazima. Kabla ya kufungua boksi, inafaa kuiuliza maikrokontrola yenyewe. STM32F103 huhifadhi sababu ya kuwashwa upya kwenye rejista ya `RCC_CSR`. Umeme ukianguka, bendera inayosimama ni `PORRSTF`. Hapa programu huandika bendera hizo kwenye memori kadi kila inapoanza, na kadi ya Micheweni inaonyesha `IWDGRSTF` kila mara. Umeme haukukatika. Kilichozima bodi ni IWDG, kipima muda cha usalama: programu isipokirudisha mwanzo kwa wakati, kinaamini imekwama na kuiwasha upya. Kwa hiyo chumvi haina hatia, na tatizo limo ndani ya programu.

Jumanne. Vilivyomo ndani ya boksi

Bodi ni STM32F103C8T6 kwa kasi ya 72 MHz, inayoendesha FreeRTOS. Pampu ni ya umeme wa DC na inawashwa na MOSFET. Kwenye waya hasi wa pampu kuna shanti ya 20 A kwa 75 mV, na volti hizo ndogo zinasomwa na chipu ya INA219. Laini moja ya I2C ya 100 kHz inabeba vitu vitatu: INA219, saa ya DS3231, na skrini ndogo ya SSD1306 iliyofungwa kwenye mlango wa boksi. Memori kadi iko kwenye SPI, mbali na laini hiyo.

Kazi za programu zinazotuhusu ni tatu. Kwenye FreeRTOS namba kubwa ndiyo kipaumbele cha juu.

Ulinzi ina kipaumbele 4. Inaamka kila 50 ms, inasoma mkondo wa pampu kutoka INA219, na ikiona umepanda kupita kiasi inazima MOSFET. Mchanga wa uwandani ukiingia kwenye pampu na kuibana, mkondo hupanda ghafla na MOSFET inaanza kuungua, kwa hiyo kazi hii haina ruhusa ya kuchelewa. Ni kazi hii peke yake inayorudisha IWDG mwanzo, na inafanya hivyo baada ya kusoma mkondo.

Kumbukumbu ina kipaumbele 2. Kila sekunde 10 inaandika mstari mmoja kwenye memori kadi.

Skrini ina kipaumbele 1. Inachora picha nzima, kisha inalala 1000 ms, kisha inachora tena.

Kwa kuwa kazi zote tatu zinahitaji laini ya I2C kwa wakati wake (Kumbukumbu huitumia kidogo tu, kusoma saa), laini inalindwa na semafo ya thamani mbili: anayetaka kuitumia anaichukua, akimaliza anaiachia. Aliyechelewa anasubiri. Utaratibu huu unazuia kazi mbili zisizungumze kwa pamoja kwenye waya mmoja, na kwa hilo unafanya kazi vizuri kabisa.

IWDG imewekwa kigawanyo 32 na hesabu 625. Saa yake ya ndani ni 40 kHz, kwa hiyo muda wake ni 625 × 32 ÷ 40000, sawa na 500 ms. Saa hiyo si sahihi sana. Mtengenezaji anaruhusu kati ya 30 na 60 kHz, na hivyo muda halisi unaweza kuwa popote kati ya 333 na 667 ms. Bodi mbili zenye programu ileile zinaweza kuwa na tabia tofauti kwa sababu hii tu: moja inazima kila siku, nyingine haizimi mwezi mzima, na zote zina kasoro moja.

Jumatano. Swali

Ulinzi ndiyo kazi ya juu kuliko zote. Inahitaji laini kwa takriban nusu milisekunde kila 50 ms. Inawezekanaje ikachelewa zaidi ya 500 ms?

Jibu la haraka ni kwamba skrini inashika laini kwa muda mrefu. Tufanye hesabu. Picha nzima ya SSD1306 ni nukta 128 × 64, yaani baiti 1024. Kwenye I2C kila baiti inachukua mipigo 9 ya saa, minane ya data na mmoja wa kukubali. Kwa 100 kHz, 1024 × 9 inatoa 92 ms, na ukiongeza anwani na amri za kuchagua kila ukurasa wa picha, jumla ni takriban 97 ms. Hicho ni kipande kirefu, karibu mara mbili ya kipindi cha Ulinzi, na kitahitaji kushughulikiwa. Lakini 97 si 500. Skrini peke yake haiwezi kuamsha IWDG. Kuna kitu kingine kinachorefusha ule muda, na semafo haina namna ya kukionyesha.

Jambo la kuangalia ni kazi ambayo haina haja na laini kwa wakati huo, lakini ina haja na prosesa.

Alhamisi. Kutazama kwa pini

Njia nzuri ya kuona nani anaendesha prosesa ni kuipa kila kazi pini yake, iwe juu pale tu kazi hiyo inapoendesha. FreeRTOS ina mahali pa kupachikia msimbo kila kazi inapobadilishwa. Kwenye `FreeRTOSConfig.h`:

```c
#include "stm32f1xx.h"
#define configUSE_APPLICATION_TASK_TAG  1
#define traceTASK_SWITCHED_IN() \
  (GPIOA->BSRR = (7u << 16) | (uint32_t)pxCurrentTCB->pxTaskTag)
```

Kisha kila kazi inapewa alama yake baada ya kuundwa: Skrini 1, Kumbukumbu 2, Ulinzi 4. Alama hizo ni pini za PA0, PA1 na PA2. Rejista ya `BSRR` inashusha pini zote tatu na kuinua moja kwa uandishi mmoja. Pale pini moja inapoambiwa ishuke na ipande kwa pamoja, kupanda ndiko kunakoshinda, kwa hiyo mstari mmoja unatosha. Kazi ya kupumzika ya FreeRTOS ina alama 0, na hapo pini zote huwa chini. Lojiki analaiza ya chaneli 8 inashika pini hizo tatu pamoja na SCL na SDA za laini.

Picha iliyonaswa kwenye benchi hapa Chake Chake inaeleza kila kitu. Tuhesabu kuanzia pale Skrini inapochukua semafo, na tukumbuke kwamba Ulinzi ilikuwa imesoma na kurudisha IWDG 20 ms kabla.

Kwa 0 ms Skrini inachukua laini na kuanza kutuma picha. Kwa 20 ms Kumbukumbu inaamka. Ina kipaumbele cha juu kuliko Skrini, kwa hiyo inanyang'anya prosesa, na hilo ni halali kabisa. Skrini inabaki katikati ya ukurasa wa pili, semafo ikiwa bado mkononi mwake. Kwa 30 ms Ulinzi inaamka, inanyang'anya prosesa kutoka kwa Kumbukumbu, inaomba semafo, inakuta imeshikwa, inalala kusubiri. PA2 inaonyesha mpigo mwembamba tu, kisha inashuka. Prosesa inarudi kwa nani? Kwa kazi ya juu kuliko zote miongoni mwa zilizo tayari, na hiyo ni Kumbukumbu. PA1 inapanda na kubaki juu.

Na inabaki juu kwa muda mrefu. Draiva ya memori kadi inasubiri kwa kuuliza tena na tena, "umemaliza?", bila kulala, na kadi ina ruhusa ya kujibu "bado" hadi 250 ms kwa uandishi mmoja. Kuhifadhi mstari mmoja kunaandika sehemu zaidi ya moja: data yenyewe, jedwali la FAT, na orodha ya faili. Siku nyingi inachukua 10 au 15 ms. Kadi inapoamua kupanga nafasi zake za ndani, inakuwa mamia. Katika picha hii ilichukua 420 ms, hadi alama ya 440.

Ndipo Skrini inaporudi. Imebakiwa na 77 ms za kutuma, kwa hiyo ingemaliza kwenye 517. Haifiki. Kwenye 480 zinatimia 500 ms tangu Ulinzi iguse IWDG mara ya mwisho, na bodi inazima.

Tazama mpangilio huo vizuri. Kipaumbele 4 kilikuwa kinamsubiri kipaumbele 1, na hapo hakuna kosa. Skrini ina laini na haiwezi kuiacha katikati ya baiti. Kasoro ni kwamba kipaumbele 2 kilipita mbele ya kipaumbele 4 bila kuwa na ugomvi nacho wowote. Kumbukumbu haikuhitaji laini. Ilimzuia Skrini tu, na kwa kumzuia Skrini ikamzuia Ulinzi. Kwa muda huo Ulinzi ilikuwa na namba 4 kwenye karatasi na nguvu ya namba 1 kwenye prosesa. Huko ndiko kupinduka kwa vipaumbele. Tena muda wake hauna mpaka ambao programu yenyewe inaweza kuuhakikisha: ongeza kazi nyingine ya kipaumbele 2 au 3, na kila moja itapita mbele kwa zamu yake wakati Ulinzi imelala.

Kuna alama moja kwenye SCL ambayo inafaa kila fundi aijue. Draiva ya I2C hapa ni ya kuuliza na kusubiri, kwa hiyo Skrini inahitaji prosesa ili kusukuma kila baiti. Kumbukumbu inaponyang'anya, baiti moja au mbili zilizokwisha kuingia kwenye rejista zinatoka, kisha maikrokontrola inashika SCL chini na kungoja baiti inayofuata. Kwenye analaiza unaona mipigo ya saa, halafu SCL chini moja kwa moja kwa zaidi ya 400 ms, halafu mipigo inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiona SCL imeganda chini hivyo na PA1 iko juu kwa muda uleule, hutafuti waya mbovu tena.

Bado Alhamisi. Kwa nini ilikuwa inajificha

Kumbukumbu inaamka kwa ratiba isiyosogea, kila sekunde 10, kwa `vTaskDelayUntil`. Skrini inatumia `vTaskDelay`, inayohesabu kuanzia pale uchoraji ulipokwisha, kwa hiyo mzunguko wake ni kama 1097 ms na unateleza ukilinganisha na ule mwingine. Kukutana kwao ni suala la bahati: Skrini inashika laini 97 kati ya kila 1097, yaani takriban uandishi mmoja kati ya 11 unaikuta Skrini na laini mkononi. Hata hapo hakitokei kitu mpaka kadi nayo iwe nzito siku hiyo. Masharti mawili lazima yakutane, na ndiyo maana saa nyingi hupita salama.

Zaidi ya hapo, mtu akichomoa skrini ili "kupunguza vitu" kasoro inatoweka. Skrini isipojibu anwani yake, utumaji unakoma kwenye baiti ya kwanza na laini inaachiwa papo hapo. Mtu atabadilisha skrini, ataona bodi imetulia wakati wa majaribio, kisha ataifunga mpya na tatizo litarudi nayo.

Kwa majaribio tunaondoa bahati. Kumbukumbu ya majaribio haiandiki kadi. Inazunguka bure kwa 420 ms, na inaamshwa 20 ms baada ya Skrini kuchukua laini. IWDG imezimwa kwa muda, na Ulinzi inapima kwa `DWT->CYCCNT` nafasi kati ya usomaji wake na uliotangulia, ikihifadhi ndefu kuliko zote. Kwa semafo ya zamani nafasi hiyo ni 538 ms. Sasa kuna kipimo cha kulinganisha.

Ijumaa asubuhi. Myuteksi

Marekebisho kwenye msimbo ni mstari mmoja kupungua na jina moja kubadilika:

```c
/* ya zamani */
laini = xSemaphoreCreateBinary();
xSemaphoreGive(laini);

/* mpya */
laini = xSemaphoreCreateMutex();
```

`configUSE_MUTEXES` lazima iwe 1. Aina ya kigezo ni ileile, `SemaphoreHandle_t`, na kuchukua na kuachia kunaitwa kwa majina yaleyale, ndiyo maana wengi hudhani ni kitu kimoja. Tofauti iko ndani. Semafo ya thamani mbili inajua tu kama ipo au haipo. Myuteksi inamjua mwenye kuishika, na kwa kuwa inamjua, inaweza kumsaidia. Kazi ya juu inapoomba myuteksi iliyoshikwa, FreeRTOS inalinganisha vipaumbele. Kama mshikaji yuko chini, anakopeshwa kipaumbele cha anayesubiri. Akiachia, anarudi kwenye chake. Huo ndio urithi wa kipaumbele.

Jaribio lilelile, hatua kwa hatua: 0 ms Skrini inashika laini. 20 ms Kumbukumbu inanyang'anya. 30 ms Ulinzi inaamka, inaomba, inakosa, na kabla ya kulala Skrini inapandishwa kutoka 1 hadi 4. Safari hii kazi ya juu iliyo tayari si Kumbukumbu, ni Skrini. Kwenye analaiza PA2 inashuka na PA0 inapanda palepale, na mipigo ya SCL inaanza tena. 107 ms Skrini inamaliza picha, inaachia, inashuka hadi 1. Ulinzi inachukua laini, inasoma, inarudisha IWDG. Nafasi ndefu kuliko zote: 128 ms badala ya 538.

Kumbukumbu inasukumwa nyuma kwa zile 77 ms, lakini kwenye mfumo halisi hasara yake ni ndogo. Wakati prosesa inaihudumia Skrini, memori kadi inaendelea na uandishi wake wa ndani. Kumbukumbu ikirudi na kuuliza, mara nyingi inakuta sehemu kubwa ya kungoja imekwisha.

Nadharia hii ni ya miaka mingi. Sha, Rajkumar na Lehoczky waliiandika kwa hesabu kamili mwaka 1990. Ikajulikana kwa mafundi wengi baada ya chombo cha Mars Pathfinder, kilichotua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kuanza kujiwasha upya kwa mpangilio huuhuu: kazi ya chini ya vipimo vya hali ya hewa ikishika kufuli, kazi ya juu ya kugawa data ya laini ikisubiri, na kazi za katikati zikipita. Mfumo wake, VxWorks, ulikuwa na myuteksi zenye urithi kama chaguo, `SEM_INVERSION_SAFE`, na kwa kufuli lile chaguo hilo halikuwa limewashwa. Liliwashwa kutoka duniani na tatizo likaisha.

Ijumaa jioni. Kilichobaki: 128 bado ni nyingi

Urithi wa kipaumbele unaondoa wale wa katikati. Haufupishi muda ambao mshikaji anahitaji kumaliza shughuli yake. Ulinzi inatakiwa kusoma kila 50 ms na bado kuna siku itasubiri karibu 100. Bodi haitazima tena, lakini pampu iliyobanwa na mchanga itapata zaidi ya 100 ms za mkondo mkubwa bila mtu wa kuizima. Kwa maoni yetu mradi ukiishia hapa utakuwa umeponya dalili inayoonekana na kuacha ile iliyo hatari zaidi.

Dawa ni kushika laini kwa vipande vifupi. Picha ya SSD1306 imegawanyika yenyewe katika kurasa 8 za baiti 128. Badala ya kufunga myuteksi kwa picha nzima, inafungwa kwa kila ukurasa:

```c
for (uint8_t k = 0; k < 8; k++) {
    xSemaphoreTake(laini, portMAX_DELAY);
    tuma_ukurasa(k);
    xSemaphoreGive(laini);
}
```

Ukurasa mmoja pamoja na amri zake ni takriban 12.2 ms. Kwenye jaribio letu, Ulinzi inapoomba kwa 30 ms, Skrini imebakiwa na 4.3 ms za ukurasa wa pili; inazimaliza kwa kipaumbele cha kukopa, inaachia, na Ulinzi inaingia papo hapo. Nafasi iliyopimwa ni 55 ms. Hali mbaya kuliko zote ni Ulinzi kuomba mara tu ukurasa unapoanza, yaani 50 na 12.2, kama 62 ms. Macho hayaoni tofauti yoyote kwenye skrini.

Kupandisha laini hadi 400 kHz kungepunguza ukurasa hadi 3 ms hivi. Hatukufanya hivyo kwa sababu nyaya za kwenda mlangoni ni ndefu na zimepita karibu na nyaya za pampu. Kapasitansi ya waya mrefu inalainisha kingo za mawimbi, na kwa 100 kHz tuna nafasi ya kutosha.

Kukawa na swali benchini: kwa nini usimpe Skrini kipaumbele 4 moja kwa moja, ukaachana na myuteksi? Kwa sababu Skrini haifanyi kutuma tu. Inapanga herufi, inageuza namba kuwa maandishi, inajaza picha kwenye RAM, na yote hayo yangefanyika kwa kipaumbele cha Ulinzi kila sekunde, hata pasipo na anayesubiri. Kwa urithi Skrini inapanda pale tu inapomzuia mtu, na inashuka mara inapomwachia. Kusimamisha upangaji wa zamu kwa `vTaskSuspendAll` wakati wa kutuma nako kunaondoa Kumbukumbu njiani, ila kunaizuia Ulinzi hata pale isipohitaji laini, kwa hiyo hakuna faida.

Jumamosi. Mipaka ya myuteksi ya FreeRTOS

Mambo yafuatayo yameingia kwenye maelezo ya programu ili atakayeongeza kazi mpya asiyavunje.

Aliyechukua myuteksi ndiye anayeiachia. Ukiwa na `configASSERT` iliyowashwa, kazi nyingine ikijaribu kuiachia, programu inasimama hapo hapo. Vilevile myuteksi haitumiki ndani ya katizo, kwa sababu katizo si kazi na halina kipaumbele cha kukopesha. Siku draiva ya I2C ikibadilishwa kuwa ya DMA, yatahitajika mawili: myuteksi ya kumiliki laini, na semafo ya thamani mbili ambayo katizo la DMA litaitumia kusema "imekwisha". Kuyaunganisha kuwa kimoja kutarudisha ile kasoro ya Jumatatu.

Kipaumbele cha kukopa kinarudishwa pale mshikaji anapoachia myuteksi zake zote, si ile moja tu iliyosababisha mkopo. Skrini inayo ya pili, inayolinda namba za mwisho za mkondo na shinikizo. Kama ingeishika hiyo ya namba kwa muda wote wa kuchora, ingebaki na kipaumbele 4 kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa nane, na Kumbukumbu ingekaa nje bila sababu. Kwa hiyo Skrini inachukua myuteksi ya namba, inanakili namba kwenye nafasi yake, inaiachia, kisha ndipo inagusa laini. Utaratibu huo unaondoa na hatari ya pili: kazi mbili kushika moja moja na kungojana milele. Urithi wa kipaumbele hauwezi kulizuia hilo. Ile ya chini itapandishwa, na bado zote mbili zitabaki zimelala.

Draiva ya HAL ina muda wake wa kukata tamaa, na unahesabiwa tangu mwanzo wa utumaji. Skrini inaweza kunyang'anywa prosesa katikati ya ukurasa na ikae hivyo hadi Ulinzi iamke na kuomba, yaani hadi 50 ms, kabla ya urithi kuanza. Ukurasa wa 12.2 ms unaweza basi kuchukua zaidi ya 60. Mtu akiweka muda wa 50 ms kwenye `HAL_I2C_Master_Transmit` ataona makosa ya laini yasiyo na sababu ya kiumeme. Tumeweka 200.

Mwisho, Ulinzi haisubiri milele:

```c
if (xSemaphoreTake(laini, pdMS_TO_TICKS(20)) == pdTRUE) {
    hali = soma_shanti(&amp);
    xSemaphoreGive(laini);
} else {
    hali = HAL_TIMEOUT;
}
if (hali != HAL_OK) zima_pampu();
```

Milisekunde 20 zinatosha kwa ukurasa mmoja wa 12.2 na ziada. Zikipita, kuna kitu hakiko sawa kwenye laini, na bila kipimo cha mkondo pampu haina sababu ya kuwaka. Ulinzi ikikata tamaa, FreeRTOS inamshusha mshikaji tena, kwa kuwa hakuna anayemsubiri. IWDG inarudishwa mwanzo baada ya kizuizi hiki kwa njia zote mbili: pampu imezimwa kwa usalama, na bodi inaendelea kuandika kwenye kadi kilichotokea badala ya kuwaka upya na kupoteza ushahidi.

Jumapili. Kabla ya kupeleka Micheweni

Memori kadi ya zamani imerudishwa kwenye bodi kwa makusudi, kwa sababu ndiyo nzito. Kumbukumbu imerudishiwa uandishi wa kweli, lakini kila sekunde 1 badala ya 10, ili kukutana kwake na Skrini kuwe kwingi. Imeendeshwa usiku kucha na taa ya 24 V mahali pa pampu. Nafasi ndefu kuliko zote kati ya usomaji wa Ulinzi imebaki chini ya 63 ms, hakuna `IWDGRSTF`, na hakuna hata mara moja zile 20 ms zilipopita.

Pini za PA0 hadi PA2 zinabaki ndani ya programu inayokwenda kisimani. Gharama yake ni uandishi mmoja wa rejista kwa kila kubadilisha kazi. Nafasi ndefu ya Ulinzi sasa ni safu mpya katika kila mstari wa memori kadi. Ikivuka 70, kuna aliyeongeza kipande kirefu kwenye laini, na cha kutafuta ni `xSemaphoreTake(laini` iliyo mbali na `xSemaphoreGive` yake.